Dakika 13 za ghala kuu

Mkuu wa ghala aliweka karatasi mbili mezani, moja kando ya nyingine. Ya kwanza ilikuwa ripoti ya ghala kuu: oda za matawi zilizotimizwa papo hapo zilikuwa asilimia 98. Ya pili ilikuwa orodha ya wateja waliofika matawini, wakaambiwa bidhaa imekwisha, wakaondoka. Orodha hiyo ilikuwa ndefu kuliko alivyotaka yeyote kati yetu.

"Ndugu yangu," aliniambia, "naomba idhini ya kupandisha akiba ya ghala kuu hadi asilimia 99 na nusu. Matawi yanalia."

Ombi lilikuwa na mantiki yake. Matawi yakikosa bidhaa, ghala linaloyalisha liongezewe. Hata hivyo sikuweza kulitia saini siku ile, na wiki zilizofuata lilinisumbua kila nilipoketi na majedwali yangu, kwa sababu nilihisi kwamba karatasi zile mbili hazikuwa zikizungumzia jambo moja.

## Ghala kuu halimwoni mteja

Nichukue bidhaa moja tu, beringi ya pampu, na nizikate hesabu ziwe nyepesi ili hoja isizame ndani ya tarakimu.

Matawi ni 9. Kila tawi huuza wastani wa pisi 8 kwa siku, na mchepuko sanifu wa mauzo ya siku, yaani kadiri yanavyopanda na kushuka kuzunguka wastani, ni pisi 5. Kila jioni tawi huagiza kutoka ghala kuu kiasi kilichouzwa, na mzigo huchukua siku 4 kufika. Ghala kuu nalo huagiza kwa msambazaji, ambaye huchukua siku 25.

Tawi linahitaji kinga ya siku 4. Yasiyotabirika hukua kwa kipeuo cha pili cha muda, kwa hiyo mchepuko wa siku 4 ni 5 mara 2, yaani pisi 10. Tukiweka akiba ya tahadhari ya michepuko miwili, kila tawi linakaa na pisi 20 juu ya mauzo ya kawaida, na uwezekano wa kutoishiwa ni takriban asilimia 98. Matawi yote kwa pamoja yanashika pisi 180.

Ghala kuu linahitaji kinga ya siku 25, lakini linaona mauzo ya matawi yote yakiwa yamechanganyika. Tawi moja likipanda siku ambayo jingine limeshuka, ghala halitikisiki. Kwa matawi 9 yasiyopanda na kushuka pamoja, mchepuko wa siku si 45 bali ni 5 mara kipeuo cha pili cha 9, yaani 15, na kwa siku 25 ni 75. Michepuko miwili ni pisi 150.

Jumla ya mfumo mzima ni pisi 330. Hivyo ndivyo wengi wetu hupanga: asilimia 98 huku, asilimia 98 kule, kila mmoja na lengo lake.

Swali lililonikaa kichwani lilikuwa hili: pisi 150 za ghala kuu zinamfanyia nini mteja aliyesimama tawini?

Mteja hanunui ghala kuu. Ghala likiishiwa, hakuna mteja anayerudi nyumbani mikono mitupu saa hiyo. Kinachotokea ni kwamba oda ya tawi inasubiri. Madhara pekee ambayo ghala kuu linaweza kulisababishia tawi ni kuirefusha ile safari ya siku 4. Kwa hiyo kipimo cha ghala kuu ni muda wa wastani ambao linachelewesha oda za matawi. Asilimia ya oda zilizotimizwa haisemi muda huo ni mrefu au mfupi kiasi gani.

Muda huo unahesabika. Kwanza tafuta wastani wa pisi ambazo ghala linadaiwa na matawi kwa wakati wowote. Kwenye jedwali, ukiweka mchepuko wa siku 25 katika B1 na idadi ya michepuko ya akiba katika B2, hesabu ni hii:

```
=B1*(NORM.S.DIST(B2,FALSE)-B2*(1-NORM.S.DIST(B2,TRUE)))
```

Kisha gawanya jibu kwa mauzo ya matawi yote kwa siku, ambayo hapa ni pisi 72. Hiyo ni kanuni ya Little, iliyothibitishwa mwaka 1961: wastani wa vinavyosubiri, ukigawanywa kwa kasi ya vinavyopita, unatoa wastani wa muda wa kusubiri.

Kwa 75 na 2, jibu ni pisi 0.64. Gawanya kwa 72, upate siku 0.009.

Hizo ni dakika 13.

Kupandisha ghala kuu hadi asilimia 99 na nusu kungehitaji takriban pisi 43 zaidi, na pisi hizo zote, hata zikifanya kazi kikamilifu, haziwezi kuokoa zaidi ya dakika 13 katika safari ya siku 4. Ukizichukua pisi hizohizo, ukaongeza mbili zaidi zitimie 45, ukazigawa tano tano matawini, akiba ya kila tawi inatoka 20 kwenda 25. Uwezekano wa kuishiwa unashuka kutoka takriban 23 katika 1,000 hadi karibu 6. Bidhaa ni zilezile na fedha iliyofungwa ndani yake ni ileile, ila sasa zinamkinga mteja.

## Rafu tupu nusu ya wakati

Ikiwa kuongeza hakusaidii, basi lazima niulize upande wa pili: kupunguza kunadhuru kiasi gani?

Nilijaribu kuweka sifuri. Ghala kuu linaagiza mahitaji ya wastani ya siku 25, bila akiba yoyote ya tahadhari. Maana yake ni kwamba karibu nusu ya wakati rafu ya beringi itakuwa tupu na matawi yatakuwa yanadai. Kwa mkuu yeyote wa ghala, ripoti ya asilimia 50 ni barua ya kufukuzwa kazi, na nakiri kwamba hata mimi nilipoitazama namba hiyo nilisita kuendelea.

Lakini tazama muda. Wastani wa pisi zinazodaiwa ni 30, na 30 kwa 72 ni siku 0.4. Hata tukihesabu zile nyakati ambazo rafu ni tupu peke yake, ucheleweshaji wa wastani hauzidi siku moja.

Tawi likiachwa na pisi zake 20 katika hali hiyo, linaumia: uwezekano wa kutoishiwa unashuka kutoka karibu 98 hadi karibu 93 katika 100. Sababu ni kwamba safari imerefuka kidogo na, zaidi ya hapo, imekuwa haitabiriki. Tukiongeza pisi 6 kwa kila tawi, kutoka 20 hadi 26, kinga inarudi palepale ilipokuwa.

Matawi 9 mara 26 ni pisi 234, na ghala kuu lina sifuri. Mwanzo tulikuwa na pisi 330. Pisi 96 zimeondoka na mteja hakuhisi lolote.

Nilipopita katikati, nikiweka pisi 75 ghalani, ucheleweshaji ukawa kama saa 2 na matawi yakahitaji pisi 21 au 22 kila moja, jumla ikawa karibu 270. Nilipokwenda chini ya sifuri, yaani ghala kuu kuagiza kidogo kuliko wastani ili liwe karibu tupu daima, jumla haikushuka tena. Ilibaki palepale kwenye 234. Kati ya hali hizo mbili kuna uwanda tambarare ambamo uchaguzi hauongezi wala haupunguzi pisi. Ndani ya uwanda huo ningechagua kubaki kwenye sifuri na nisiende chini zaidi, kwa sababu bidhaa iliyokwishapelekwa tawini hairudi kwa urahisi.

Jambo hili si geni kwa waliotangulia. Mwaka 1968 Craig Sherbrooke wa taasisi ya RAND alichapisha modeli iitwayo METRIC, iliyotengenezwa kwa ajili ya vipuri vya Jeshi la Anga la Marekani, lenye bohari kuu na vituo vya ndege. Modeli hiyo inahesabu upungufu wa vituoni tu, kule ambako ndege inasubiri kipuri. Upungufu wa bohari kuu unaingia katika hesabu kwa sura moja pekee, ya ucheleweshaji unaowafikia wa vituoni.

## Msambazaji anayechelewa

Hapa ndipo shaka langu lilipoanza kuuma, kwa sababu hesabu yote ya juu ilidhani kwamba siku 25 za msambazaji ni siku 25 kweli.

Nilifungua tarehe za kupokea mizigo. Msambazaji wetu, kama wengi, wakati mwingine huleta siku ya 20 na wakati mwingine ya 33. Tuseme mchepuko wa muda wake ni siku 5. Sasa kutotabirika kwa ghala kuu kuna vyanzo viwili. Cha kwanza ni wateja, ambacho tumeshakipima: 75. Cha pili ni msambazaji, nacho ni mauzo ya siku, 72, mara siku 5, yaani 360. Viwili hivi huunganishwa kwa kujumlisha miraba yake na kutafuta kipeuo, na jibu ni 368.

Namba ya wateja imemezwa kabisa.

Kwa akiba ya sifuri ghala sasa linadaiwa wastani wa pisi 147, na ucheleweshaji ni siku 2 nzima. Ili kurudi kwenye siku 0.4 tulizozikubali, ghala kuu linahitaji mchepuko mmoja wa akiba, yaani pisi 368. Kwa hiyo lengo halikubadilika hata kidogo. Ucheleweshaji ni uleule. Kilichobadilika ni bei yake, kutoka pisi sifuri hadi 368, na aliyeipandisha bei hiyo ni msambazaji, si mteja wala tawi.

Akiba ya namna hii ina tabia tofauti na ile ya kwanza. Haipungui kwa kuyaunganisha matawi, kwa maana mzigo ukichelewa unachelewa kwa wote siku ileile. Hata hivyo mahali pake pazuri bado ni ghala kuu, kwa sababu wakati wa kuchelewa matawi hayauzi sawasawa, na pisi ambayo bado iko katikati inaweza kwenda kule inakohitajika. Ningependa zaidi kuiondoa kuliko kuipangia mahali. Mchepuko wa msambazaji ukishuka kutoka siku 5 hadi siku 2, mchepuko wa ghala unatoka 368 hadi 162. Simu za kufuatilia mzigo kabla haujapakiwa, na oda zinazotolewa kwa ratiba inayojulikana, zinaweza kuleta punguzo ambalo upangaji wa rafu hauwezi kulileta.

Tangu hapo, mtu akiniuliza akiba ikae wapi, kabla ya kugusa namba za matawi ninaomba kwanza tarehe za ahadi na tarehe za kupokea za mizigo ya mwaka mzima.

## Oda ya tawi si mauzo ya tawi

Kuna sehemu nyingine ambapo hesabu hupotoka bila kelele. Mfumo wa ghala kuu hujipimia mchepuko kutoka kwenye kile unachokiona, nacho ni oda za matawi. Mteja haumwoni.

Tawi linaloagiza boksi zima kila siku chache, badala ya kuagiza kilichouzwa, linalifanya ghala kuu lione siku kadhaa za kimya na kisha mlipuko. Tawi lililowahi kunyimwa mzigo huagiza mara mbili ya mahitaji ili safari ijayo lipewe angalau nusu. Yote haya yanaingia kwenye mchepuko wa ghala, na ghala linaongeza akiba kujikinga na tabia za matawi yake lenyewe.

Kuligundua ni rahisi. Kwa tawi moja na bidhaa moja, pima mchepuko wa mauzo ya wiki na mchepuko wa oda za wiki, uviweke pamoja. Kwa beringi yetu mauzo ya wiki yana mchepuko wa karibu 13. Ukikuta oda zina 30, ziada hiyo haikutoka kwa mteja, na akiba iliyowekwa kwa ajili yake ni fedha iliyolala.

Upande wa pili wa shilingi ni matawi yanayopanda na kushuka pamoja kwa sababu halisi, kama msimu au mradi mkubwa unaogusa maeneo yote. Hapo uwiano ni wa kweli na lazima ukubaliwe. Uwiano wa 0.5 kati ya matawi unapandisha mchepuko wa ghala kutoka 75 hadi karibu 168, na sifuri yetu inagharimu karibu siku nzima ya ucheleweshaji badala ya siku 0.4. Faida ya kuunganisha inabaki, ila imekonda sana.

## Nani apewe pisi 40 zilizopo

Kwa muda niliamini kwamba faida ya ghala kuu inatokana na kuhifadhi vitu katikati. Hesabu moja ilinigeuza.

Chukua mfumo ambao ghala kuu halihifadhi chochote. Kila mzigo wa msambazaji unapofika unagawanywa siku hiyohiyo. Ikiwa mgawo wa kila tawi uliandikwa siku ya kuagiza, siku 25 kabla, kila tawi linabeba peke yake mashaka ya siku 29, na akiba inayohitajika ni karibu pisi 54 kwa tawi, jumla takriban 485. Ikiwa mgawo unaamuliwa siku mzigo unapofika, kwa kutazama kila tawi limebaki na nini, jumla inashuka hadi karibu 234. Ni ileile tuliyoipata kwa ghala lenye sifuri.

Rafu hazikuongezeka wala kupungua. Kilichosogezwa ni siku ya kuamua.

Ndiyo maana kanuni ya kugawa wakati wa upungufu ina uzito kuliko wingi wa akiba. Ghala lina pisi 40 na linadaiwa 100. Tawi la kwanza liliagiza asubuhi na bado lina pisi 48, za kutosha siku 6. Tawi la pili liliagiza jioni na limebaki na pisi 8, za siku moja. Kanuni ya "aliyetangulia kuagiza ahudumiwe kwanza" inampa wa kwanza, na tawi la pili, litakaloishiwa kesho, linabaki tupu hata baada ya siku 4 za safari huku bidhaa ikiwa imo ndani ya kampuni. Hesabu yangu ya pisi 26 inadhani mgawo unaofanya siku za akiba zikaribiane katika matawi yote, ukihesabu na mizigo iliyo njiani. Mahali ambapo mgawo unafuata saa ya oda, au sauti ya meneja wa tawi kwenye simu, pisi 26 hazitatosha, na tatizo litaonekana kama uhaba wakati ni mgawo mbaya.

## Bidhaa inayouzwa mara moja kwa miezi mitatu

Yote niliyoandika hayafai kwa bidhaa zinazotoka kwa nadra. Tawi linalouza pisi moja kila baada ya siku 90 haliwezi kushika akiba ya pisi 0.7, lina pisi moja au halina.

Swali linakuwa moja tu: je, mteja wa bidhaa hii anaweza kusubiri siku 4? Akiweza, matawi yasishike kitu, na ghala kuu liagize ili jumla ya pisi zilizoko ghalani na zilizo njiani kutoka kwa msambazaji iwe 6 daima. Mauzo ya matawi yote katika siku 25 ni wastani wa pisi 2.5, na kwa kiwango hicho mteja ataikuta pisi ghalani takriban mara 96 kati ya 100. Asipoweza kusubiri, pisi 9 lazima zikae matawini, moja moja, na hakuna kanuni ya kuunganisha itakayozipunguza.

Katika hali ile ya kwanza ghala kuu ndilo linalomhudumia mteja, na asilimia yake ya kutimiza oda inarudi kuwa kipimo halali. Kwa hiyo ripoti ya mkuu wa ghala haikupaswa kufutwa. Ilipaswa kugawanywa: bidhaa za nadra zipimwe kwa asilimia, na zile zitokazo kila siku zipimwe kwa saa za ucheleweshaji.

## Tulivyokubaliana na mkuu wa ghala

Hakulipenda wazo la rafu tupu, na sikumlaumu, kwa kuwa ni yeye anayepokea simu. Tulikubaliana kushuka kwa hatua, tukianza na beringi.

Mpangilio wa hatua ulikuwa na maana. Kwanza matawi yanapandishwa hadi pisi 22, na ghala kuu halipunguzwi mpaka pisi hizo ziwe zimefika na kuhesabiwa matawini. Kisha ghala linashushwa kutoka 150 hadi 75, kwa kutoagiza badala ya kusukuma bidhaa nje. Hapo tunasimama tuchunguze kwa mizunguko kadhaa ya msambazaji, kwa sababu mzunguko mmoja wa siku 25 hausemi lolote la kutegemewa.

Kila oda ya tawi sasa inaandikwa saa ilipoingia na saa ilipotoka. Hesabu inatabiri ucheleweshaji wa wastani wa saa 2 katika kiwango cha 75. Ukiwa karibu na hapo, tutaongeza matawi hadi 26 na kulishusha ghala hadi sifuri. Ukiwa siku nzima, tutasimama palepale tulipo na kufungua kwanza faili la tarehe za msambazaji, kisha oda za matawi zilizo kubwa kuliko mauzo yao, kabla ya mtu yeyote kuomba pisi zaidi.

Safu ya saa za kuingia na kutoka ilianza kujazwa wiki iliyopita.